Kai-skwea kwenye jedwali la visanduku vinne: watoto 290 wa Kampala

Vitini vingi vya takwimu vikifika kwenye jaribio la kai-skwea la kutotegemeana huanza na fomula: jumla ya (O − E)² / E, O ikiwa idadi iliyoonekana. Mwanafunzi huikariri, huingiza namba, hupata jibu, na bado hajui amejibu swali gani. Kwa miaka ya kufundisha mada hii nimeona kwamba mambo hukaa sawa ukianzia kwenye ile E, idadi tarajiwa. Ukishaelewa inatoka wapi na inabeba dai gani, kilichobaki ni kutoa, kuzidisha na kugawanya. Na makosa karibu yote ninayokutana nayo kwenye kazi za wanafunzi na ripoti za utafiti chanzo chake ni hapo hapo.

Jedwali ninalopenda kulitumia ni dogo na linatoka Afrika Mashariki. Mwaka 1954 Anthony Allison, daktari na mwanasayansi aliyekulia Kenya, alichapisha katika jarida la British Medical Journal matokeo ya kupima damu ya watoto 290 wa Kiganda kutoka maeneo ya Kampala, wenye umri wa miezi 5 hadi miaka 5. Kila mtoto aliangaliwa mambo mawili: kama chembe zake nyekundu za damu zina tabia ya selimundu, na kama damu yake ina vimelea vya malaria. Hesabu zilikuwa hivi:

| | Ana vimelea | Hana vimelea | Jumla |
|---|---|---|---|
| Ana selimundu | 12 | 31 | 43 |
| Hana selimundu | 113 | 134 | 247 |
| Jumla | 125 | 165 | 290 |

Kabla ya kushika kikokotoo, angalia kitu kimoja. Kila mtoto yumo katika kisanduku kimoja tu kati ya vile vinne, na visanduku vyote vinne vikijumlishwa vinarudi kuwa 290. Jedwali lisilotimiza masharti haya mawili halifai kwa jaribio hili, hata kama kompyuta italipokea bila kulalamika.

Swali lenyewe ni hili: je, kujua kwamba mtoto ana selimundu kunakuambia lolote juu ya uwezekano wake wa kukutwa na vimelea? Nadharia tete tunayoijaribu inasema hapana, mambo haya mawili hayategemeani. Sasa chukua dai hilo kwa uzito wake wote. Katika watoto wote, 125 kati ya 290 walikuwa na vimelea, yaani asilimia 43.1. Kama selimundu haina uhusiano wowote na vimelea, basi asilimia hiyo hiyo 43.1 inapaswa kuonekana kwa wenye selimundu na kwa wasio nayo. Wenye selimundu ni 43, kwa hiyo tungetarajia 43 × 125 / 290, yaani 18.53, wawe na vimelea. Walioonekana ni 12.

Hapo ndipo inapotoka ile kanuni ya kitini, jumla ya mstari mara jumla ya safu, gawanya kwa jumla kuu. Ni asilimia ya watoto wote iliyopelekwa kwenye kila mstari bila upendeleo. Usishtuke kuona nusu ya mtoto katika 18.53. Idadi tarajiwa ni wastani wa kile ambacho kingetokea kama tungechukua sampuli kama hii mara nyingi sana, na wastani hauna sababu ya kuwa namba kamili.

Ukishapata 18.53, visanduku vitatu vilivyobaki havihitaji kanuni tena. Wenye selimundu wasio na vimelea ni 43 − 18.53 = 24.47. Wasio na selimundu wenye vimelea ni 125 − 18.53 = 106.47. Cha mwisho ni 247 − 106.47 = 140.53. Namba moja imeziamua nyingine tatu, kwa sababu jumla za pembeni zimeshafungwa, na hii ndiyo maana ya kusema jedwali la mistari miwili na safu mbili lina digrii moja ya uhuru. Kwa jedwali kubwa zaidi, toa moja kwenye idadi ya mistari, toa moja kwenye idadi ya safu, kisha zidisha. Mwanafunzi anayeona jambo hili gumu asijilaumu. Karl Pearson aliyelianzisha jaribio mwaka 1900 alihesabu digrii za jedwali kama hili kuwa tatu, na ni Ronald Fisher aliyeonyesha mwaka 1922 kwamba ni moja. Tofauti hiyo si ndogo. Kwa digrii tatu, jibu tutakalolipata hapa chini lingekuwa na thamani ya p, ambayo maana yake inakuja mbele kidogo, ya takriban 0.19, na uhusiano huu ungeonekana si kitu.

Sasa tofauti. Kisanduku cha kwanza: 12 − 18.53 = −6.53. Cha pili: 31 − 24.47 = +6.53. Cha tatu ni +6.53 na cha nne ni −6.53. Katika jedwali la visanduku vinne tofauti huwa ni namba ile ile, inabadilika alama tu. Itumie kama kipimo cha bure: ukiona tofauti zako hazilingani, umekosea mahali, na hakuna haja ya kuendelea mbele mpaka upate kosa.

Kipeo cha pili cha 6.53 (ukibaki na desimali zote) ni 42.70. Kisha kila kisanduku kinagawanywa kwa idadi yake tarajiwa:

42.70 / 18.53 = 2.30
42.70 / 24.47 = 1.75
42.70 / 106.47 = 0.40
42.70 / 140.53 = 0.30

Jumla ni 4.75. Hiyo ndiyo kai-skwea.

Kwa nini tunagawanya kwa E? Kwa sababu pengo la watoto sita na nusu ni kubwa pale ulipotarajia 18, na ni dogo pale ulipotarajia 140. Tofauti ni ile ile katika visanduku vyote, lakini kile cha kwanza peke yake kimechangia karibu nusu ya jibu. Ukitaka kujua uhusiano umekaa wapi katika jedwali, hasa likiwa kubwa lenye mistari mitano au sita, soma michango hii ya kila kisanduku kabla ya kusoma jumla.

Mambo mawili huharibu hatua hii. La kwanza ni kukadiria E kuwa namba kamili, kwa hisia kwamba nusu mtoto hayupo. Ukiandika 19, 24, 106 na 141, kila tofauti inakuwa 7 na kai-skwea inapanda hadi 5.43. La pili ni kugawanya kwa O badala ya E, kosa la macho tu wakati wa kunakili, lakini linatoa 5.63. Yote mawili yanatoa jibu linaloonekana la kawaida kabisa, kwa hiyo hakuna kengele itakayolia. Weka angalau desimali mbili mpaka mwisho, na mwishoni rudia mgawanyo wa kwanza ukiuliza: nimegawa kwa nilichotarajia, au kwa nilichokiona?

Sasa 4.75 inatuambia nini? Hata kama selimundu na vimelea havina uhusiano, sampuli ya watoto 290 haitatoa tofauti ya sifuri kamili, maana bahati ina nafasi yake. Kwa digrii moja ya uhuru, bahati peke yake huvuka 3.841 mara 5 tu katika kila 100. Yetu imevuka mpaka huo. Thamani ya p ni 0.029, maana yake: kama kweli hakuna uhusiano, sampuli takriban 3 kati ya 100 za ukubwa huu zingetoa kai-skwea ya 4.75 au zaidi. Haina maana kwamba kuna uwezekano wa asilimia 2.9 kuwa hakuna uhusiano. Sentensi hizi mbili zinafanana masikioni, ila ya pili inageuza swali kichwa chini miguu juu, na nimeiona hata katika tasnifu zilizokwisha kupita mikononi mwa wasimamizi. Jaribio linaanza kwa kuchukulia kwamba uhusiano haupo, kwa hiyo haliwezi tena kukupa uwezekano wa jambo hilo hilo lililolichukulia.

Kwenye kompyuta, jedwali hili katika programu ya R ni mistari mitatu:

```r
m <- matrix(c(12, 31, 113, 134), nrow = 2, byrow = TRUE)
chisq.test(m, correct = FALSE)
chisq.test(m)$expected
```

Ukiondoa `correct = FALSE`, R itakupa kai-skwea ya 4.05 na p ya 0.044, wakati hesabu ya mkono ilitoa 4.75 na 0.029. Hakuna aliyekosea. Kwa majedwali ya visanduku vinne R huweka yenyewe sahihisho la Yates, linalotoa 0.5 kwenye ukubwa wa kila tofauti kabla ya kuipandisha kipeo cha pili, kwa kuwa hesabu za watu huruka kwa namba kamili ilhali mkunjo wa kai-skwea ni laini. Excel kwa `CHISQ.TEST` haiweki sahihisho hilo, tena inakudai uipe pia jedwali la idadi tarajiwa uliloliandaa mwenyewe, na inarudisha thamani ya p bila kukuonyesha kai-skwea. Watu wawili wenye data moja wanaweza basi kubishana bure kwa sababu kila mmoja ametumia programu yake. Mimi huandika katika ripoti kama sahihisho limetumika au la, na kwa jedwali lenye idadi tarajiwa kubwa kama hizi sioni haja yake.

Kosa la kompyuta linaloniumiza zaidi ni la kuchagua jedwali zima pamoja na mstari na safu ya jumla. R inaona jedwali la mistari mitatu na safu tatu na inafanya kazi yake. Kinachotokea ni cha kusikitisha: visanduku vya jumla vinakuwa na idadi tarajiwa sawasawa na ile iliyohesabiwa, haviongezi chochote, na kai-skwea inabaki 4.75 ile ile. Lakini digrii za uhuru zimekuwa nne. Thamani ya p inaruka hadi 0.31 na mtafiti anaandika kwamba hakuna uhusiano. Kwa kuwa kai-skwea inalingana na ya mkono, anayekagua haraka hupita. Jicho lako liende kwanza kwenye `df`, yaani digrii za uhuru: kwa visanduku vinne lazima isome 1.

Kosa jingine linaelekea upande wa pili, nalo ni kuingiza asilimia. Ripoti nyingi huonyesha asilimia tu: wenye selimundu, 27.9 walikuwa na vimelea na 72.1 hawakuwa navyo. Wasio na selimundu, 45.7 na 54.3. Mtu anachukua namba hizo nne na kuzitia kwenye fomula kana kwamba ni hesabu za watoto. Jibu ni 6.81, ambalo limevuka hata mpaka mkali zaidi wa 6.635, ule wa asilimia moja. Kilichofanyika ni kwamba watoto 43 wamegeuzwa kuwa 100, na kundi lenye ushahidi mchache ndilo lililopewa nguvu lisilokuwa nayo. Kama angeandika 0.279 na wenzake, angepata 0.07 na kuhitimisha kinyume chake. Kai-skwea inaishi kwa kujua umehesabu watu wangapi, na asilimia imeshaifuta habari hiyo. Ukipewa asilimia peke yake, tafuta idadi ya kila kundi uzirudishe kuwa hesabu: asilimia 27.9 ya 43 ni 12.

Kwa msingi huo huo, uliza siku zote kilichohesabiwa ni nini. Tuseme kila mtoto alitolewa damu mara mbili na karani akajaza kila slaidi kama mstari wake kwenye daftari. Jedwali lingekuwa 24, 62, 226 na 268. Asilimia hazijabadilika hata kidogo, lakini kai-skwea imekuwa 9.51, mara mbili kamili, na p imeshuka hadi 0.002. Hakuna mtoto mpya aliyeongezeka. Jaribio linadai kwamba kila kilichohesabiwa kimesimama peke yake, na slaidi mbili za mtoto mmoja hazisimami peke yake. Ndugu wa nyumba moja nao wanaumwa na mbu wale wale na wanarithi damu kwa wazazi wale wale, kwa hiyo utafiti uliochukua kaya nzima nzima unahitaji njia nyingine inayozingatia makundi hayo. Tatizo hili halionekani kwenye jedwali. Linaonekana kwenye maelezo ya jinsi data ilivyokusanywa, ndiyo maana sikubali kufanya kai-skwea kwa jedwali lililotumwa bila maelezo.

Kuhusu idadi ndogo, kanuni ya kitini kwamba kila kisanduku kiwe na angalau 5 husomwa vibaya mara nyingi. Tano hiyo ni ya idadi tarajiwa, si ya iliyohesabiwa. Kisanduku kinaweza kuwa na watoto 2 na jaribio likawa halali, na kinaweza kuwa na 6 huku E yake ikiwa chini ya 5. Fikiria kituo cha afya chenye watoto 50, ambao 8 kati yao wana selimundu na 20 wana vimelea: E ya kisanduku cha kwanza ni 8 × 20 / 50 = 3.2. Hapo tumia jaribio halisi la Fisher, `fisher.test(m)` katika R. Kwa jedwali la Allison E ndogo kuliko zote ni 18.53, kwa hiyo hatuna wasiwasi.

Linabaki jambo ambalo vitini vingi huligusa kwa sentensi moja, nalo linahitaji zaidi. Kai-skwea ya 4.75 haisemi ni kundi lipi lilikuwa na vimelea zaidi, kwa sababu kipeo cha pili kimefuta alama za kutoa na kujumlisha. Haisemi pia uhusiano una nguvu kiasi gani. Kwa hayo inabidi urudi kwenye asilimia: 27.9 kwa 45.7, pengo la pointi 17.8. Ukilihesabia kadirio la asilimia 95, pengo la kweli linaweza kuwa popote kati ya pointi 3 na 33. Hicho ndicho kipimo cha ushahidi wa jedwali hili: linaelekea upande mmoja, lakini kama selimundu inapunguza vimelea kidogo tu au sana, watoto 43 hawatoshi kukuambia.

Katika chapisho hilo hilo la 1954 kuna jedwali dogo zaidi. Wanaume 30 wa Kijaluo waliojitolea waliambukizwa malaria kwa makusudi, jambo ambalo leo lingezua maswali mazito ya maadili. Kati ya 15 wenye selimundu, 2 walipata vimelea. Kati ya 15 wasio nayo, 14 walipata. Jaribu mwenyewe: idadi tarajiwa ni 8 na 7 katika kila mstari, tofauti ni 6, na kai-skwea ni 19.29. Watu 30 wametoa kai-skwea mara nne ya ile ya watoto 290. Kai-skwea huchanganya vitu viwili, ukubwa wa pengo na wingi wa watu, na kwa namba moja huwezi kujua ni kipi kimeibeba. Ndiyo maana kulinganisha uhusiano wa tafiti mbili kwa kuangalia kai-skwea zao hakuna maana.

Kwa hiyo ninapoandika matokeo ya jedwali la watoto, sentensi huwa hivi: «Vimelea vilionekana kwa watoto 12 kati ya 43 wenye selimundu (asilimia 27.9) na 113 kati ya 247 wasio nayo (asilimia 45.7); χ² = 4.75, digrii ya uhuru 1, p = 0.029, bila sahihisho la Yates.» Msomaji akiwa na sentensi hiyo anaweza kulijenga upya jedwali lote na kurudia hesabu.

Neno «husababisha» silitii humo. Watoto wale walikuwa wa miezi 5 hadi miaka 5, na katika umri huo vimelea hubadilika sana kadiri kinga ya mama inavyoisha na kinga ya mtoto mwenyewe inavyojengeka. Kama kundi moja lingekuwa na watoto wachanga wengi kuliko jingine, sehemu ya pengo la pointi 17.8 ingekuwa ya umri, na jedwali la visanduku vinne halina mahali pa kuuonyesha. Njia ya kuangalia ni kulipasua kwa umri, jedwali moja kwa wasiofikisha mwaka na jingine kwa waliovuka, na kuona kama pengo linabaki upande ule ule katika yote mawili. Ukilipasua hivyo, hesabu upya E ya kila jedwali kwa jumla zake lenyewe. Na kwa kuwa wale 43 sasa wamegawanyika, usishangae E moja ikishuka chini ya 5.